Vipele vya mstari asubuhi: kunguni, viroboto au mbu?

Mdogo wangu alijikuna wiki mbili akilaumu mbu. Alikuwa na vipele vinne vilivyojipanga kutoka begani kushuka mkononi. Hivi ndivyo tulivyompata mdudu mwenyewe.

1. Angalia vipele vimekaa wapi

Vikijaa kwenye vifundo vya miguu na chini ya goti, hasa kama kuna paka au mbwa ndani, anza na viroboto. Mbu huuma penye ngozi wazi, na uvimbe huja ndani ya dakika chache. Kunguni huuma sehemu iliyolala wazi, mara nyingi vipele vitatu au vinne kwa mstari.

Lakini mstari peke yake hauthibitishi kitu. Mkono ulioegemea chandarua usiku kucha huweza kuumwa na mbu kwa mstari vilevile. Tena wengine hawaoti vipele vya kunguni kabisa, na kwa wengine hutokea siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo mwenzako wa kitandani kuwa na ngozi safi si ushahidi.

2. Jaribu soksi

Vaa soksi nyeupe ndefu, tembea polepole chumbani na pale mnyama anapolala. Viroboto watarukia na utawaona. Kunguni haruki.

3. Pekua kitanda

Hapa ndipo tulipopoteza siku nzima. Tulikagua godoro mara mbili, mshono kwa mshono, hatukuona kitu. Usiishie kwenye godoro. Toa chaga zote, ufungue na ubao wa kichwani. Kunguni mkubwa ana milimita 5 hivi na ni bapa, hivyo ufa unaopitisha kadi unamtosha.

Shika tochi, pitisha kadi ngumu kwenye kila ufa na kila tundu la skrubu. Tafuta madoa meusi kama nukta za kalamu, magamba ya rangi ya kahawia na mayai meupe ya milimita 1. Doa ukilitilia shaka, lisugue kwa pamba yenye maji: kinyesi cha kunguni huchuja rangi ya kutu, kwa kuwa ni damu iliyosagwa.

Sisi tuliwakuta kwenye tundu la skrubu la ubao wa kichwani. Walikuwa watano, na nukta nyeusi zimezunguka mdomo wa tundu.

Tafadhali usipulize dawa kabla ya kupekua. Wale wasiokufa hukimbilia nyufa za mbali, na kuwapata huwa kazi mara mbili.

4. Ukikosa kabisa

Sogeza kitanda mbali na ukuta, shuka lisiguse sakafu, kisha simamisha kila mguu ndani ya bakuli la plastiki lenye kuta laini ndani na za kukwaruza nje. Kunguni anayekwenda au kutoka kitandani huanguka humo na kushindwa kupanda. Kagua kila asubuhi kwa wiki kadhaa, maana hawali kila siku.