SOMO: Glosari na TM kwa watafsiri wa kujitegemea (OmegaT, Kiingereza kwenda Kiswahili)

Wakuu, swali la jinsi ya kutengeneza na kutumia glosari na TM nimelijibu kwenye inboksi mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naliweka hapa mara moja. Akiniuliza mtu tena nitampa linki.

Kwanza tuelewane. TM, yaani kumbukumbu ya tafsiri, ni faili linalotunza kila sentensi uliyotafsiri pamoja na asili yake. Sentensi ikijirudia, au ikija nyingine inayofanana nayo, programu inakuonyesha ulivyoiandika awali. Glosari ni orodha ya istilahi ulizokwisha kuamua. Vyote viwili havitafsiri chochote. Vinakukumbusha tu.

Natumia programu ya OmegaT kwa sababu ni ya bure na inakubali kompyuta ya kawaida. Mwenye Trados au memoQ atafuata mantiki hii hii, majina ya menyu ndiyo yatabadilika. Mfano wetu ni dodoso la kaya kuhusu maji na vyoo, kazi ambazo wengi wetu tunazipata kutoka kwa watafiti.

Hatua ya 1. Fungua mradi mpya, lugha ya asili `EN`, lugha lengwa `SW`. Mradi mmoja kwa mteja mmoja.

Hatua ya 2. Weka dodoso kwenye folda ya `source`. Kama una TM ya kazi ya zamani ya mteja huyo, iweke kwenye folda ya `tm`.

Hatua ya 3. Tengeneza glosari kabla hujatafsiri hata sentensi moja. Pitia dodoso lote, okota nomino zinazojirudia, ziamulie. Faili ni la maandishi matupu, `glossary.txt`, limehifadhiwa kwa UTF-8, nalo linakaa kwenye folda ya `glossary`. Kati ya safu na safu bonyeza `Tab`. Ukiweka nafasi za kawaida, programu haitaona kitu.

```
household	kaya	i-/zi-; si "familia"
respondent	mhojiwa	a-/wa-; wingi wahojiwa
jerrycan	dumu	li-/ya-; wingi madumu
latrine	choo	ki-/vi-; wingi vyoo
file	faili	li-/ya-; "faili hili"
```

Safu ya tatu ndiyo watu wanaiacha tupu, na kwa Kiswahili ndiyo yenye faida kubwa. Andika ngeli. Ukurasa wa 2 umeandika "faili hili", ukurasa wa 9 "faili hii", na mhariri atadhani kazi imefanywa na watu wawili. Andika pia neno ulilolikataa, maana baada ya miezi mitatu utakuwa umesahau kwa nini ulichagua "kaya" ukaacha "familia". Katika dodoso haya ni mambo mawili: wapangaji wanaokula chungu kimoja ni kaya moja hata kama si ndugu, na karani wa takwimu akisoma "familia" atahesabu watu wengine kabisa.

Hatua ya 4. Tafsiri. `Ctrl+U` inakupeleka kwenye sentensi inayofuata ambayo haijatafsiriwa. Ukikutana na istilahi mpya, `Ctrl+Shift+G` inaiingiza kwenye glosari papo hapo.

Hatua ya 5. Sentensi zinazojirudia. Hapa someni polepole.

OmegaT ikiona sentensi ileile ya Kiingereza mara ishirini, ukiitafsiri mara moja inajaza zote ishirini. Kwa Kiingereza kwenda lugha nyingine huenda hilo likapita. Kwa Kiswahili linaharibu kazi, kwa sababu maneno kama "-ingine", "-ote" na "-pya" hayana umbo mpaka uijue nomino yake. Angalieni jibu la mwisho la karibu kila swali la dodoso: `Other (specify)`.

- Nani huchota maji? → Mwingine (mtaje)
- Maji huhifadhiwa kwenye chombo gani? → Kingine (kitaje)
- Dawa gani hutumika kutibu maji? → Nyingine (itaje)
- Maji huchotwa wapi? → Mahali pengine (pataje)

Asili ni moja, tafsiri ni nne. Kazi yangu moja ilirudishwa kwa hili: mchotaji wa maji alikuwa "Nyingine (itaje)" kuanzia mwanzo hadi mwisho wa dodoso. Mteja alikuwa na haki.

Dawa yake ni hii. Simama kwenye sentensi husika, nenda menyu ya `Edit`, chagua `Create Alternative Translation`, kisha andika tafsiri ya mahali hapo peke yake. Zingine zitabaki na ile ya kawaida. Kama dodoso lina marudio mengi ya aina hii, ni afadhali uende kwenye sifa za mradi (`Properties`) na kuondoa alama kwenye `Auto-propagation of Translations`, ili kila moja uiamue kwa mkono.

Tahadhari mbili. Moja, tafsiri mbadala inakumbukwa kwa jina la faili pamoja na sentensi iliyotangulia na inayofuata. Ukibadilisha jina la faili katikati ya kazi, mbadala zako zitapotea na ile ya kawaida itarudi kimyakimya. Mbili, usiweke TM ya zamani kwenye folda ya `tm/auto` kwa kazi za madodoso. Folda hiyo huingiza kila kinacholingana kikamilifu bila kukuuliza.

Hatua ya 6. Sentensi zinazokaribiana. Dodoso la mwaka jana liliuliza `How many jerrycans of water did the household fetch yesterday?` Ukaandika "Jana kaya ilichota madumu mangapi ya maji?" Mwaka huu mwisho umebadilika kuwa `in the last 7 days`. Programu italeta ile ya zamani pembeni, unaipokea kwa `Ctrl+R`, unarekebisha: "Katika siku 7 zilizopita kaya ilichota madumu mangapi ya maji?" Umeokoa muda, na "madumu" hayakugeuka "ndoo" njiani. Angalia kwamba badiliko la Kiingereza liko mwishoni, la kwako liko mwanzoni. Jicho lililochoka linarekebisha mwisho na kuiacha "Jana" palepale. Ukanusho nao ni vilevile: Kiingereza kinaongeza kijineno kimoja tu na asilimia ya ulinganifu inabaki juu, kumbe kwako "unaweza" inatakiwa iwe "huwezi".

Hatua ya 7. `Ctrl+D` kutoa faili lililotafsiriwa. Liko kwenye folda ya `target`. Hapohapo, ndani ya folda ya mradi, litatokea faili lenye jina la mradi likiishia na `-omegat.tmx`. Hilo ndilo unaloliweka kwenye `tm` ya kazi ijayo ya mteja huyohuyo.

Karibuni kwa maswali.

---

kijana_wa_mjini: Mkuu hii inatafsiri yenyewe au mpaka niandike?

Mleta somo: Haitafsiri. Iko kwenye aya ya pili.

bintiPangani: Shikamoo mwalimu. Nimefanya kazi yote, nimehifadhi, nikifungua faili langu la Word bado ni Kiingereza kitupu. Nimechanganyikiwa, mteja anataka jioni.

Mleta somo: Marahaba. Usiogope, kazi ipo. Umefungua faili la `source`, ambalo halibadiliki kamwe. Bonyeza `Ctrl+D`, halafu ufungue faili la `target`.

bintiPangani: Imetoka! Asante sana.

mzee_wa_tenda: Mimi miaka yote natumia Word na kichwa changu, na wateja hawajalalamika. Hizi programu ni kujipa kazi.

Mleta somo: Sawa kwa kazi za kurasa tano. Dodoso la kurasa sitini linalorudi na marekebisho kila mwaka ni jambo jingine. Sijamlazimisha mtu.

Naliaka_K: Asante kwa somo. Niko Kenya, na nina mteja wa huku na mwingine wa Dar. Huku tunaandika "hojaji", kule wanataka "dodoso". TM ikichanganyika naona itanivuruga. Niifute ya mmoja?

Mleta somo: Usifute, dada. Kwenye mradi wa mteja wa Dar tengeneza folda ndani ya `tm`, uiite `penalty-20`, uweke humo TM ya Kenya. Kila kitakachotoka humo kitapunguzwa asilimia 20, kwa hiyo hata sentensi inayolingana kikamilifu itaonekana kama 80 na utalazimika kuitazama. Glosari usizichanganye kabisa, kila mteja na yake. Na kabla ya yote soma mkataba. Wateja wengine wanahesabu TM kuwa mali yao na hawataki itumike kwa mtu mwingine hata kwa kuchungulia.

Naliaka_K: Hilo la mkataba sikulijua. Nimeshukuru.

Msanifu77: Kaka, nafanya Kiswahili kwenda Kiingereza. Glosari yangu inakamata nomino vizuri lakini vitenzi haioni kabisa. Nimeandika "chota", kwenye maandishi kuna "wanachota", "hawakuchota", kimya. Ni mimi au programu?

Mleta somo: Swali zuri. Kwa asili ya Kiingereza programu inajua kukata viambishi vya mwisho, ndiyo maana `households` inaangukia kwenye `household`. Vitenzi vyetu vinabadilikia mbele, na huko haifiki. Mimi kwa upande huo sijazi vitenzi. Naweka nomino, umoja na wingi kila moja kwenye mstari wake: "dumu" na "madumu", "choo" na "vyoo". Kitenzi ukikihitaji, tafuta kwa `Ctrl+F` andika `chota` tu. Utaona kila sentensi ulikokitumia na ulivyokitafsiri.

mpare_halisi: Wakala ameniambia marudio halipi, eti TM inajaza yenyewe. Nikubali?

Mleta somo: Usikubali hivihivi. Kabla ya kutaja bei nenda `Tools`, halafu `Match Statistics`. Utaona maneno mangapi ni marudio, mangapi yanakaribiana, mangapi ni mapya. Kisha mtumie ile mifano minne ya `Other (specify)` hapo juu. Punguzo kwa marudio ni la haki, ila sifuri hapana, kwa sababu kila rudio lazima ulitazame ulipe ngeli yake. Mimi hukataa kazi ambayo marudio yake ni ya bure.

fundi_fomu: Nyongeza. Madodoso mengi sasa yanakuja kwa Excel kwa ajili ya fomu za simu za Kobo au ODK. Nimeweka hiyo xlsx, `Other (specify)` inatokea mara moja tu, na menyu ya tafsiri mbadala haisaidii. Nini hiki?

Mleta somo: Umegusa penyewe. Excel maandishi yanayofanana huyatunza mara moja tu ndani ya faili, seli zote zinaelekeza hapohapo. OmegaT inaona hiyo moja, na usitegemee mpangilio ufuate ule wa kwenye jedwali. Fanya hivi: nakili safu ya Kiingereza peke yake uibandike kwenye jedwali la Word, tafsiri huko, kisha rudisha kwenye safu ya Kiswahili. Unapata na faida ya pili: safu ya `name`, yenye misimbo ambayo fomu inaisoma, haiguswi. Ile ikitafsiriwa, `other` ikawa "nyingine", masharti ya kuruka maswali yanakatika na fomu inagoma kwenye simu za makarani.

fundi_fomu: Kumbe! Wiki jana fomu iligoma nikadhani ni simu.

Mleta somo: Linganisha safu ya `name` na faili la asili. Ukiona Kiswahili humo, umepata chanzo.