Kulinganisha kitambaa na bitana: usiiamini taa ya dukani

Tuchukue suti ya rangi ya damu ya mzee. Kitambaa kimenunuliwa duka moja, bitana ya satini duka jingine. Chini ya taa za dukani vinafanana kabisa, lakini ukivitoa nje kitambaa ni chekundu na bitana inavuta zambarau.

Kitambaa hurudisha sehemu tu ya mwanga unaokipiga. Taa nyingi za LED huanza na mwanga wa bluu unaopitishwa kwenye unga wa manjano, kwa hiyo nyekundu iliyoiva huwa haba. Kitambaa chekundu kikikosa nyekundu ya kurudisha hufifia kuelekea kahawia, na tofauti ya dawa za rangi za vitambaa viwili hujificha humo humo.

Hatua ya 1. Kata kipande cha kitambaa cha upana wa vidole vinne uende nacho dukani. Picha ya simu haifai, maana kamera hurekebisha rangi yenyewe.

Hatua ya 2. Laza bitana juu ya kipande, kingo zigusane. Izungushe kidogo, kwa sababu satini hubadilika kulingana na upande unaoitazamia. Vikitofautiana hapo hapo dukani, achana na bitana hiyo.

Hatua ya 3. Omba sampuli utoke nayo nje. Simama kivulini mchana, mbali na turubai la rangi au ukuta uliopakwa rangi kali. Jioni usilinganishe, mwanga umeshakuwa mwekundu.

Hatua ya 4. Vitazame tena chini ya taa inayofanana na ya mahali suti itakapovaliwa. Vikipatana nje na kuachana ukumbini, hakuna balbu itakayovipatanisha kila mahali. Kwa bitana mimi hukubali tofauti ndogo, kwa koti na suruali sikubali kamwe: vyote vitoke jora moja.

Hatua ya 5. Weka taa nzuri juu ya meza ya kukatia. Kwenye boksi tafuta CRI au Ra, namba inayoonyesha taa inavyotoa rangi ikilinganishwa na mwanga wa mfano. Juu kabisa ni 100. Namba hiyo ni wastani wa rangi 8 zilizopoa. Nyekundu kali hupimwa peke yake, huitwa R9, na taa ya Ra 80 inaweza kuwa na R9 karibu na 0. Nataka Ra 90 kwenda juu, R9 ikiandikwa iwe 50 au zaidi. Ukiona 940, hiyo 9 ni Ra ya tisini na kitu, 40 ni 4000K.

Wauzaji wengi husema 6500K ni mwanga wa mchana. K hueleza tu kama weupe wa taa ni wa manjano au wa bluu. Taa ya 6500K yenye Ra 70 bado itaficha ile zambarau.

Kitambaa cheupe kipeleke nje hata kama taa yako ni Ra 95. Dawa ya kung'arisha weupe huamshwa na miale ya jua isiyoonekana, na LED za kawaida karibu hazina miale hiyo.