SOMO: Kabari ya gumba kwenye glovu isiyo na vidole

Naandika mara moja, nikiulizwa tena "mbona inanivuta gumbani" nielekeze hapa. Mfano: kiganja chenye mzingo wa sentimita 20, na ufumaji unaotoa vitanzi 20 na mizunguko 28 kwa sentimita 10. Basi vitanzi ni 40.

1. Fuma ukanda wa kifundo, kisha mizunguko 2 mitupu.

2. Chagua kitanzi 1 cha ubavuni, weka alama kila upande wake.

3. Ongeza kitanzi ndani ya kila alama, halafu mizunguko 2 mitupu. Rudia hadi kitanzi 1 kiwe 13; hiyo ndiyo kabari.

4. Hapa ndipo glovu zinapoharibika. Hesabu kufika 13 si ruhusa ya kusimama. Kabari inaishia pandani, pale gumba linapoachana na kiganja. Tanua gumba, pima kutoka mkunjo wa kifundo hadi pandani. Ukipata sentimita 7, ni mizunguko 20: ile 2 na hii 18. Hamishia vitanzi 13 kwenye uzi wa pembeni, vaa, tanua gumba tena. Uzi ukikaa chini ya panda, glovu itavutwa kila ukishika kitu. Fuma mizunguko mitupu, usiongeze vitanzi. Ukipita panda, kitambaa kinajikunja kiganjani, fumua. Usipime gumba likiwa limebanwa kiganjani, utadanganyika.

5. Anzisha kitanzi 1 juu ya pengo, vinarudi 40. Malizia kiganja.

6. Gumba: rudisha 13, okota 3 pengoni, mzunguko unaofuata punguza 2 hapohapo. Vinabaki 14.

MASWALI

— Nimefuata yote, bado inabana.
Ulivaa kabla ya hatua ya 5?
— Hapana.
Hatua ya 4.

— Hesabu yako ina kasoro, wengine wanaongeza kila mzunguko wa pili.
Haina kasoro. Ukifanya hivyo unafika 13 kwa mizunguko 12, unabaki na 6 mitupu hadi pandani. Inamfaa mwenye shina nene la gumba, maana upana unakuja mapema.

— Shikamoo fundi. Gumba langu limeelekea kiganjani, si ubavuni. Nisogeze kabari?
Marahaba, swali zuri. Isogeze vitanzi 2 au 3 upande wa kiganja. Ila glovu ya kulia na ya kushoto hazitafanana tena: moja unahesabu kabla ya ubavu, nyingine baada yake. Ubavuni kabisa, zote mbili zinavalika mkono wowote.

— Vitundu vya pembeni mwa gumba je?
Unapounga uzi wa gumba, acha mkia wa kama shibiri moja, uvizibe nao kwa ndani.

— Nyongeza: kile cha kuongeza, inua uzi ulio kati ya vitanzi viwili, uufume umepindwa. Usipopindwa unaacha tundu kila mahali ulipoongeza, na mkia hautoshi kuyaziba yote.
Kweli kabisa.