Taa ya DPF kwenye Mazda CX-5 ya dizeli: jinsi ya kuchoma masizi barabarani

Mwongozo huu ni wa Mazda CX-5 ya dizeli yenye injini ya lita 2.2, ile inayoingia kwa wingi Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani ikiwa imeshatumika. Magari mengine ya dizeli yenye chujio la masizi hufanya kazi kwa kanuni ileile, ila taa na viwango vyao hutofautiana, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako.

Kwanza elewa kinachoziba. DPF ni chujio la kauri lililo kwenye ekzosti, karibu na injini. Moshi hupita, masizi hubaki ndani. Ekzosti ikipata joto la kutosha kwenye safari ndefu, masizi huungua polepole yenyewe. Yakizidi kiwango fulani, kompyuta ya gari huanzisha uchomaji wa makusudi: inanyunyiza dizeli ya ziada injini ikiwa imeshamaliza kuchoma ya kawaida, dizeli hiyo inaungulia kwenye ekzosti, na joto la chujio linapanda hadi nyuzi 600 hivi za Selsiasi. Kazi hiyo huchukua dakika 15 hadi 20.

Sasa chukua gari linalotoka Kilimani kwenda Upper Hill, jijini Nairobi, kila asubuhi. Ni kilomita chache tu, nusu saa ya foleni, kisha linazimwa. Injini baridi hutoa masizi mengi zaidi, na kwenye foleni ekzosti haifiki hata nusu ya joto linalotakiwa. Kompyuta ikijaribu kuchoma, gari linafika kazini na kuzimwa kabla ya dakika 15 kuisha. Masizi yamebaki. Dizeli ya ziada nayo haikuungua yote: sehemu yake imeshuka kando ya pistoni hadi kwenye oili. Jioni mambo ni yaleyale. Ndiyo maana gari lenye kilomita chache kwa mwaka linaweza kuziba kabla ya lile linalokwenda Nakuru kila wiki.

Hatua ya 1: Tazama taa inavyowaka

Ikiwaka bila kupepesa, masizi ni mengi lakini bado yanaweza kuchomwa barabarani. Endelea na hatua ya 2. Ikipepesa, au ikiwaka pamoja na taa ya injini, usijaribu kuendesha ili uichome. Kompyuta inaweza kuwa imeshazuia uchomaji, kwa sababu masizi mengi mno yakishika moto kwa pamoja yanapasua kauri. Lipeleke gari kwa fundi mwenye mashine ya kuskani.

Hatua ya 2: Pima oili kabla ya kutoka

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu injini wakidhani wanaokoa chujio, kwa hiyo usiiruke.

Egesha mahali tambarare, zima injini, subiri dakika 5, chomoa kijiti cha oili. Kwenye Mazda ya dizeli, juu ya alama ya F, ile ya oili iliyojaa, kuna alama ya X. Haipo kwa mapambo. Oili ikipanda hadi hapo, dizeli iliyoingia ndani yake imefika kikomo. Kwenye magari mengine oili hupungua, kwenye hili huongezeka, na mwenye gari akiona imepanda hufurahi kwamba injini "haili oili". Ukweli ni kwamba oili imekuwa nyepesi na hailindi tena bearingi wala tabo. Ikizidi sana, injini inaweza kuivuta kupitia bomba la kupumulia na kuichoma kama mafuta, na hapo injini hukimbia yenyewe hata ukigeuza ufunguo.

Ikiwa oili iko kati ya F na X, unaweza kwenda, ila panga kuibadilisha karibuni. Ikiwa imekaribia X au imefika, badilisha kwanza. Usimwage kiasi tu ili kushusha kipimo. Inayobaki bado ina dizeli. Tumia oili yenye jivu kidogo, iliyoandikwa DL-1 au ACEA C3. Oili ya lori ya bei rahisi ina madini ambayo huacha jivu ndani ya chujio, na jivu haliungui kwa joto lolote la safari. Baada ya kubadilisha, mwambie fundi arudishe data ya oili upya kwenye kompyuta. Wengi hawafanyi hivyo, halafu gari linaendelea kuhesabu kana kwamba bado lina oili ya zamani.

Hatua ya 3: Hakikisha hakuna kinachozuia

Weka dizeli angalau robo tangi. Kama una kifaa cha kuskani, soma kodi. P2463 inasema masizi yamezidi. Kodi ya sensa ya joto la ekzosti, ya sensa ya shinikizo la chujio au ya EGR, vali inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, inatakiwa kushughulikiwa kwanza, maana kompyuta isiyoamini sensa zake haichomi. Kifaa hicho kinunue kabla ya kufikiria dawa ya kumimina kwenye tangi.

Hatua ya 4: Endesha

Chagua Jumapili alfajiri. Kutoka Kilimani, injini itakuwa imepata moto ukifika Muthaiga. Ingia Thika Road na shika kilomita 80 kwa saa hadi Juja. Weka gia kwa mkono kwenye ya 4, injini izunguke mara 2,000 hadi 2,500 kwa dakika. Ukiiacha gia ya 6 kwenye D, injini inazunguka polepole mno na ekzosti inapoa. Mwendo wa kasi hauhitajiki. Kinachohitajika ni mguu uliotulia kwenye mafuta kwa dakika 20 mfululizo.

Utajua uchomaji umeanza: i-stop, mfumo unaozima injini gari likisimama kwenye foleni, inakataa kuizima, matumizi ya mafuta ya papo hapo yanapanda, sauti ya injini inakuwa nzito, na ukisimama unasikia harufu ya chuma cha moto. Usizime gari wakati huo. Ukifika Juja bado dalili zipo, endelea kuelekea Thika. Usiegeshe kwenye nyasi kavu, joto la chini ya gari linaweza kuziwasha.

Hatua ya 5: Thibitisha

Taa imezimika, i-stop imerudi, matumizi yameshuka. Pima oili tena baada ya gari kupoa.

Taa ikirudi kabla ya kilomita 100, usirudie safari tena na tena, kwa sababu kila mara unaongeza dizeli kwenye oili. Mwambie fundi aanze na vibomba viwili vidogo vya sensa ya shinikizo: kikipasuka au kuziba kimoja, kompyuta inasoma uongo. Halafu nozeli zinazovuja, upepo wa tabo unaotoroka, na kaboni kwenye EGR na manifoldi ya kuingizia hewa. Vyote hivi vikiwa sawa na bado linaziba, kilichojaa ni jivu, na hapo chujio hutolewa na kusafishwa kwa mashine maalumu au kubadilishwa. Kulisukuma kwa maji ya presha pale pa kuoshea magari hupasua kuta zake nyembamba. Kulitoboa na kudanganya kompyuta nako kunaacha nozeli au tabo mbovu iendelee kuharibika bila taa ya kukuonya.

Kwa anayebaki na safari ya Kilimani–Upper Hill, weka safari ya hatua ya 4 kila wiki mbili, taa iwake isiwake, na pima oili kila unapojaza tangi.