Somo: Kuthibitisha kwa nishati kwamba pendulamu itatulia, bila kutatua mlinganyo wake

Pendulamu yenye msuguano mwishowe hutulia chini. Kuliona hilo kwa macho ni rahisi, kulithibitisha ni kazi nyingine, kwa sababu mlinganyo wake una `sin x` ndani, na ukishaongeza msuguano hupati jibu linaloandikika kwa fanksheni tulizozoea. Mwanahisabati Mrusi Aleksandr Lyapunov alionyesha katika tasnifu yake ya 1892 kwamba jibu hilo hatulihitaji. Ili kuthibitisha kwamba mfumo hautaachana na msawazo, inatosha kupata kiasi kimoja ambacho ni sifuri kwenye msawazo, ni chanya pande zote za jirani, na hakiongezeki mfumo unapokwenda. Kazi kubwa ya leo iko hatua ya 4, maana hapo ndipo wengi wanapopoteza maksi.

Hatua ya 1: Andika mfumo

Tuseme `x` ni pembe kutoka chini, kwa radiani, na `y` ni kasi ya pembe hiyo. Urefu wa fimbo ni mita 1, kwa hiyo g/L ni 9.8. Msuguano tuupe 0.5.

```
x' = y
y' = -9.8 sin x - 0.5 y
```

Alama ya `'` ni kasi ya badiliko kwa wakati. Msawazo upo pale ambapo vyote viwili ni sifuri: `x = 0` (imening'inia chini) au `x = π` (imesimama juu), na `y = 0`. Tunashughulika na ule wa chini.

Hatua ya 2: Chagua V

V ndicho kile kiasi tunachokitafuta. Chukua nishati ya mwendo, jumlisha nishati ya kimo, kisha gawa kwa masi:

```
V = 0.5 y^2 + 9.8 (1 - cos x)
```

Ile 1 iliyo mbele ya `cos x` isiachwe. Bila hiyo V kwenye msawazo ingekuwa -9.8, nasi tunataka sifuri. Sasa hakikisha: pembe ikiwa kati ya -π na π, `1 - cos x` ni sifuri kwa `x = 0` tu, kwingine kote ni chanya. V imefaulu.

Hatua ya 3: Tafuta V'

```
V' = y y' + 9.8 sin x · x'
   = y(-9.8 sin x - 0.5 y) + 9.8 y sin x
   = -0.5 y^2
```

Tazama tulichofanya mstari wa pili. Hatukuhitaji kujua `x` ni ngapi baada ya sekunde tatu au kumi. Tulichukua `x'` na `y'` kutoka kwenye mfumo wenyewe tukaviweka mahali pake. Vipande vyenye `sin x` vimefutana, na kilichobaki hakiwezi kuwa chanya.

Maana yake ni hii. Mistari ya V = 1, V = 2, V = 3 katika ndege ya `x` na `y` ni pete zilizofungana kuzunguka msawazo, moja ndani ya nyingine. Kwa kuwa V haipandi, aliyeanza ndani ya pete hawezi kuivuka kwenda nje. Ukitaka pendulamu isiachane na msawazo kupita kiasi fulani, chagua pete ndogo ya kutosha na uanzie ndani yake. Huo ndio uthabiti, na hapa umethibitika.

Hatua ya 4: Je, inarudi kabisa?

Kutotoka nje ya pete si sawa na kurudi kwenye sifuri. Ili kusema inarudi, kanuni ya Lyapunov inataka V' iwe hasi kila mahali isipokuwa kwenye msawazo wenyewe. Yetu ni `-0.5 y^2`, ambayo ni sifuri popote `y = 0`, hata pembe ikiwa radiani 1. Pendulamu inapofika mwisho wa mbembeo, kabla ya kugeuka, haipotezi nishati yoyote. Ukiandika hapo "V' ni hasi, basi inarudi", uthibitisho wako una tundu.

Tundu hilo lilizibwa na Barbashin na Krasovski mwaka 1952, na LaSalle akaipa hoja hiyo sura pana mwaka 1960. Jiulize: je, mfumo unaweza *kubaki* mahali ambapo V' ni sifuri? Ukibaki kwenye `y = 0`, basi `y'` nayo lazima iwe sifuri. Mlinganyo wa pili unabaki `-9.8 sin x = 0`, na kati ya -π na π jibu ni `x = 0` peke yake. Kwingine kote pendulamu inagusa `y = 0` na kuondoka papo hapo, kisha inaendelea kupoteza nishati. Kwa hiyo inarudi kwenye msawazo.

Hatua ya 5: Kutoka umbali gani?

Juu kabisa, `x = π` na `y = 0`, V ni 19.6. Pete zote za chini ya hapo zimefungana, kwa hiyo ukianza na pembe iliyo kati ya -π na π, na V chini ya 19.6, utatulia kwenye `x = 0`. Ukiisukuma kutoka chini kwa kasi ya 6, V ni 18: una uhakika. Kwa kasi ya 7, V ni 24.5. Hiyo haisemi kwamba itapinduka. Inasema tu kwamba kipimo hiki hakina jibu.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Mimi nilitumia V = 0.5x² + 0.5y², nikapata V' chanya kwa x = 1, y = -1. Je, mfumo si thabiti?

Marahaba. Hesabu yako ni sahihi, V' hapo ni kama 6.7. Lakini ilichoonyesha ni kwamba V hiyo haifai, basi. V iliyoshindwa haithibitishi lolote kuhusu mfumo. Anza na nishati kila inapopatikana.

Mwalimu, naweza kukwepa hoja ya LaSalle?

Unaweza, kwa kurekebisha V. Jaribu hii:

```
W = V + 0.25 x y + 0.0625 x^2
```

Ukitafuta W' kwa njia ileile, vipande vya `xy` vinafutana na unapata `-0.25 y^2 - 2.45 x sin x`. Hiyo ni hasi kweli kati ya -π na π, isipokuwa kwenye sifuri. Na W ni chanya, kwa sababu `0.5y² + 0.25xy + 0.0625x²` ni sawa na `0.5(y + 0.25x)² + 0.03125x²`. Gharama yake ni kuibuni W. Hoja ya LaSalle haikudai ubunifu huo.

Kaka, kwa nini usitumie tu matriki ya Jakobi na thamani zake za aigeni? Ni mistari miwili.

Kwa pendulamu hii ingefaa, ila isingekupa ile 19.6, inasema habari za karibu sana na msawazo tu. Na kuna mahali inapokwama kabisa. Chukua `x' = y`, `y' = -x³ - y³`. Kwenye sifuri thamani zote mbili za aigeni ni 0, kwa hiyo matriki haikuambii chochote. Weka `V = 0.5y² + 0.25x⁴`, unapata `V' = -y⁴`. Kisha rudia hatua ya 4: ukibaki kwenye `y = 0`, lazima `x³ = 0`. Mfumo unarudi kwenye sifuri, tena kutoka popote, kwa sababu V hii inakua bila kikomo kila upande.