Globu ya LED imezima kabisa: rezista ikiungua, mtafute aliyeiunguza

Juzi nililetewa globu ya wati 9, imezima ghafla umeme uliporudi. Nitaieleza hiyohiyo.

Hatua ya 1: Fungua. Itoe kwenye holda na uiache dakika kadhaa. Pitisha kisu chembamba kuzunguka kifuniko cheupe, ukate gundi, kisha uking'oe. Tazama vile vitaa vidogo. Chenye nukta nyeusi katikati ndicho kilichokufa, na hapo tatizo si saketi. Kwangu vyote vilikuwa safi.

Hatua ya 2: Toa saketi. Yeyusha risasi kwenye zile pointi mbili, + na −, banua bamba la alumini, kisha uvute saketi polepole bila kukata nyaya za kitako. Kabla ya kugusa chochote, unganisha miguu ya kapasita kubwa kupitia rezista ya kilo-omu 10 kwa sekunde chache. Kapasita hiyo hubeba volti zaidi ya 300, na ikiwa bado ina chaji itakurusha.

Hatua ya 3: Pima. Anza na rezista iliyo kwenye waya wa umeme unaoingia. Mara nyingi ni ya omu 10, na kazi yake ni kama fyuzi. Yangu haikusoma kitu: imekatika. Hapa ndipo wengi hukosea. Zamani nami nilikuwa nabadilisha rezista tu, nikiwasha inalipuka "pwaa!" na nimerudi nilikoanza. Rezista haifi bure. Kuna kitu mbele yake kimepiga shoti.

Weka mita kwenye alama ya dayodi, upime daraja, kile kidude cheusi chenye miguu minne. Waya mwekundu kwenye mguu wa −, mweusi kwenye kila mguu wa ~. Dayodi nzima husoma kama 0.5, na ukigeuza waya haisomi. Kwangu mguu mmoja ulisoma 0.00 pande zote mbili, na mita ikalia. Mwizi kapatikana.

Hatua ya 4: Badilisha. Nilichomoa daraja aina ya MB10S kwenye globu nyingine mbovu (msitupe maiti za globu!), nikaipima, nikaichomelea kwa kufuata alama ya + na −. Kabla ya kuweka rezista mpya nilipima miguu ya kapasita: hakuna shoti. Rezista iwe ya omu 10 vilevile. Ukiweka waya mtupu, umeondoa fyuzi.

Hatua ya 5: Jaribu. Rudisha bamba, kisha unganisha globu kwa mfululizo na balbu ya zamani ya waya, ya wati 60. Balbu ya zamani ikiwaka kwa nguvu, shoti bado ipo, zima. Yangu ilimetameta mara moja ikatulia, LED ikawaka. Usiguse saketi wakati huo. Yote ina umeme wa ukutani.

Ukikuta aisii, ile chipu inayoongoza saketi, imepasuka tumbo, usihangaike nayo. Chomoa daraja lililo zima, weka kwenye kopo lako.