Kufupisha hotuba ya mahafali kwa ndugu ambao hawakuweza kuhudhuria

Mwongozo huu unahusu kazi ya kuichukua hotuba iliyorekodiwa kwa simu ukumbini na kuifanya muhtasari wa dakika mbili, ambao bibi aliyeko Wete au ami aliyeko Maskati atausikiliza akaupata ujumbe wa mzungumzaji pamoja na maneno yake yaliyo mazito. Nitatumia hotuba ya mfano niliyoitunga kwa ajili ya somo hili: mgeni rasmi anazungumza kwa dakika 18 katika mahafali ya chuo kimoja hapa Unguja.

Hatua ya kwanza ni kuisikiliza hotuba yote mara moja bila ya kuandika chochote. Anayeandika tangu mwanzo hujaza ukurasa kwa salamu na majina ya waheshimiwa, na hotuba inapofika penye uzito wake mkono umeshachoka. Katika mfano wetu, dakika nne za mwanzo ni itifaki na shukrani, na zote zitaingia katika nusu sentensi.

Hatua ya pili ni kusikiliza tena huku ukiandika dakika na jambo linalosemwa. Hapa ndipo ujumbe mkuu unapojitokeza, kwa sababu mzungumzaji hulirudia lile analolitaka libaki, ingawa kila mara hulivika maneno mengine. Mgeni wetu katika dakika ya 6 anasimulia jinsi baba yake alivyokuwa akianika karafuu kwenye majamvi kule Pemba. Katika dakika ya 11 anawataka wahitimu wakubali kukaa chini ya fundi. Na katika dakika ya 16 anaonya dhidi ya kukataa kazi kwa sababu mshahara wa mwanzo ni mdogo. Yanaonekana mambo matatu, lakini ni moja: elimu waliyoipata bado inahitaji muda wa kukomaa kazini. Ukiandika kwamba "aliwahimiza wahitimu wawe na bidii", utakuwa umeandika sentensi inayofaa kwa mahafali yoyote, na hotuba hii utakuwa umeipoteza.

Usiupime ujumbe kwa vigelegele. Katika dakika ya 9 ukumbi unalipuka pale wazazi wanapoombwa wasimame, ilhali hoja yenyewe ya hotuba inapokewa kwa ukimya. Hata hivyo mimi ningekihifadhi kitendo hicho kwa sentensi moja, maana bibi naye alistahili kusimama.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo inayotaka uangalifu kuliko zote, ni kunukuu. Chagua kauli mbili, au tatu zikizidi, ambazo ukizieleza kwa maneno yako zitapungua nguvu. Irudishe rekodi sekunde chache nyuma, punguza kasi ya kusikiliza, uandike neno kwa neno, kisha usikilize tena huku ukifuata maandishi kwa kidole. Kosa la kawaida ni kuzinyoosha kauli: mzungumzaji, akikifananisha cheti na karafuu mbichi, amesema "msiikimbize", mwandishi anaandika "msiharakishe", na karafuu imekwisha kutoka katika sentensi. Makofi yakilifunika neno, muulize aliyekaa karibu na jukwaa au ieleze kauli hiyo bila ya alama za kunukuu. Usilijaze pengo kwa kukisia, kwa kuwa nukuu ya kubuni itasambaa katika ukoo kwa jina la mtu ambaye hakuisema.

Kumbuka pia kwamba kauli inahitaji kisa kilichoizaa. Muhtasari wa mfano wetu unaweza kuwa hivi:

"Baada ya salamu na shukrani, mgeni rasmi alieleza kwamba karafuu mbichi ikirundikwa huchacha, na ndiyo maana baba yake aliianika juani kwa siku kadhaa kabla ya kuiuza. Akawaambia wahitimu: 'Cheti mlichokishika leo ni karafuu mbichi. Msiikimbize sokoni, ianikeni kwanza.' Kuanika, kwa maelezo yake, ni kukubali miaka ya mwanzo ya kazi ndogo chini ya mtu anayeijua kazi. Aliwaomba wazazi wasimame, na ukumbi mzima ukawapigia vigelegele. Alimaliza kwa kusema: 'Mshahara mdogo wenye mafunzo ni bora kuliko kiti kikubwa kisichokufundisha kitu', kisha akaomba dua."

Uusome muhtasari kwa sauti kabla ya kuutuma, kwa sababu wazee wengi watausikia badala ya kuusoma. Panapokuwa na nukuu, tangulia kusema "maneno yake ni haya", kwani alama za kunukuu hazisikiki. Uurekodi kama ujumbe wa sauti, na chini yake uambatanishe kipande cha rekodi chenye kauli ya karafuu, ukitaja dakika inapoanza katika hotuba kamili, ili ndugu atakayetaka kumsikia mgeni mwenyewe asilazimike kuitafuta.